Swali lilipofutwa, mvule ukahukumiwa

Mhariri aliyegeuza kile kipindi cha podikasti cha fundi wa majahazi kuwa makala alifanya mengi vizuri. Aliondoa "yaani" na "unaona" zilizojazana, akakitanguliza kisa cha jahazi la kwanza badala ya salamu, na sehemu mbili za mataruma zilizoachana mbali katika mazungumzo akazileta pamoja. Lakini aya ya nne ameiharibu, na ameiharibu kwa uamuzi, si kwa bahati mbaya.

Turudi kwenye sauti. Mtangazaji anauliza mbao za ubavuni zilikuwa za mti gani. Fundi anajibu: "Za mvule, au msaji zikipatikana." Mtangazaji anaendelea: "Na za mwembe je, babu? Maana kijana wa leo huo mvule ataupata wapi?" Fundi anasema: "Zitafaa, mwanangu, lakini asizipeleke mbali, na kila msimu azitazame upya."

Makala inasomeka hivi: "Mbao za ubavuni tulichukua za mvule, au msaji zikipatikana. Zitafaa, lakini mjenzi asizipeleke mbali, na kila msimu azitazame upya."

Mwembe umetoweka. Ulikuwa ndani ya swali tu, na swali limefutwa. Fundi hakuutaja kwa sababu mwenzake alikwisha kuutaja. Katika mazungumzo ya Kiswahili kiambishi "zi-" kinatosha. Kwenye ukurasa, "zi-" hiyo iliyoachwa yatima imeshika mbao zilizo karibu nayo, na hizo ni za mvule. Matokeo yake, mti ambao mafundi wa pwani wameuamini kwa ugumu na kustahimili maji unaambiwa usiende mbali, na onyo lililostahili mwembe, mti unaooza upesi, halimfikii kijana anayelihitaji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dalili zote zilikuwepo. Sentensi ya kwanza ni ya zamani, "tulichukua". Ya pili imerukia "zitafaa" bila sababu. Mzungumzaji hahami wakati namna hiyo ila kuna mtu amemhamisha, na mtu huyo ni aliyeuliza. Kisha kuna "asizipeleke": nani huyo? Alikuwa kijana wa leo, naye yumo ndani ya swali lile lile. Mhariri aliiona hiyo "a-" ikielea, kwani ndiyo sababu akaichomekea neno "mjenzi". Hapo ndipo alipopaswa kusimama na kurudi kusikiliza. Badala yake aliziba ufa kwa neno ambalo fundi hakulisema, ndani ya alama za kunukuu. Na "mwanangu", neno pekee lililobaki kuonyesha kwamba babu alikuwa akimjibu mtu, akalifuta kama takataka.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: unukuzi ulioandikwa si rekodi. Anayehariri kwa karatasi peke yake hasikii kituo kabla ya "zitafaa", wala sauti inayoshuka kwenye "asizipeleke mbali". Ukitaka kufuta swali, kwanza soma jibu peke yake. Kila kiambishi kisichojua mwenyewe kinadai jina lake, na jina hilo huwa liko katika swali.

Wakongwe walilijua hili. Studs Terkel, katika kitabu chake *Working* cha 1974, alifuta sehemu kubwa ya maswali yake, watu wakasikika kama wanasema wenyewe. Lakini mengine aliyaacha pale pale. François Truffaut alizungumza na Alfred Hitchcock mwaka 1962, na kitabu kilipotoka 1966 maswali yalikuwamo, ingawa Truffaut alikuwa na jina la kutosha kujifanya mwandishi wa simulizi. Karibu na kwetu zaidi, Sarah Mirza na Margaret Strobel waliorekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa hawakuishia kwenye kitabu cha Kiingereza cha 1989. Mwaka 1991 walitoa cha Kiswahili, msomaji akaweza kuyafuata maneno kwa lugha yaliyosemwa. Siku hizi swali linaonwa kama jukwaa la fundi wa rangi, la kubomolewa kazi ikiisha, hata pale ambapo ukuta umeliegemea.

Aya hii haikuhitaji kurudishwa katika sura ya maswali na majibu. Ilitosha mhariri alete mwembe kwa sauti yake mwenyewe, nje ya nukuu, na kumwachia fundi maneno yake:

Mbao za ubavuni zilikuwa za mvule, "au msaji zikipatikana." Je, kijana wa leo asiyeupata mvule atumie mbao za mwembe? "Zitafaa, mwanangu, lakini asizipeleke mbali, na kila msimu azitazame upya."