Vanichka, Vasichka, Volodichka

"Dushechka" ya Anton Chekhov, iliyotoka mwaka 1899, ni hadithi ya mwanamke mmoja, wanaume watatu na mtoto mmoja. Olenka anaolewa na Kukin, mwenye bustani ya maonyesho ya jukwaani, Kukin anafariki. Anaolewa na Pustovalov, msimamizi wa ghala la mbao, naye anafariki. Anapendana na Smirnin, daktari wa mifugo wa jeshini aliyetengana na mkewe. Smirnin anahama na kikosi chake. Miaka mingi baadaye Smirnin anarudi na mke na mwana, na Olenka anamhamishia yule mtoto mapenzi yake yote. Kila ampendapo mtu, hushika maoni yake. Kwa Kukin dunia nzima ni tamthilia, kwa Pustovalov ni mbao, kwa Smirnin ni maradhi ya ng'ombe. Akibaki peke yake, hana la kusema juu ya kitu chochote.

Msomaji wa Kirusi huyasikia haya kwenye majina kabla hajayafikiria. Kukin ni Ivan Petrovich, Pustovalov ni Vasily Andreich, Smirnin ni Vladimir Platonych. Wakiingia kinywani mwa Olenka wanakuwa Vanichka, Vasichka, Volodichka. Wanaanza na herufi moja na wanaishia kwa mkia mmoja. Mume amebadilika, sauti ya kumwita ni ileile. Mfasiri anayeandika "mpenzi wangu" katika nafasi zote tatu amelipata pendo lakini amempoteza mume. Anayerahisisha kwa kuandika Ivan, Vasily na Vladimir amewapata waume lakini ameipoteza sauti. Kwa hiyo majina haya nimeyaacha yalivyo katika tafsiri yangu, mkia wake ukiwapo, na kazi iliyobaki ikawa kumfundisha msomaji wa Kiswahili kuusikia mkia huo.

Jambo la kwanza linalomjia mtu ni ki-. Tuna kitoto, kijiji, kijito. Lakini ki- ikimgusa mtu mzima mara nyingi humshusha: kijitu, kizee, kijana wa watu aliyegeuzwa kijijana. Mkia wa Kirusi katika Vanichka haumpunguzi Kukin kimo, unambembeleza. Sisi hubembeleza kwa kumiliki: mwanangu, mwenzangu, mume wangu. Basi Olenka anapotamka jina la mumewe kwa mara ya kwanza nikampa neno moja la ziada, "Vanichka wangu", na hivyohivyo kwa Vasichka na Volodichka, kila mmoja mara yake ya kwanza tu. Baada ya hapo jina linasimama lenyewe. Msomaji akifika kwa mume wa pili ameshajua kwamba huyu mama akipenda, ndivyo anavyoita.

Wapo watakaosema tunayo ya kwetu: Abdalla huwa Dula, Ramadhani huwa Rama, Khadija huwa Dija. Ni kweli, na desturi hiyo inasaidia, maana msomaji hashangai mtu mmoja kuwa na majina mawili. Ila Dula ni Dula kwa kila mtu kijiweni, na Volodichka ni wa Olenka peke yake. Ndiyo maana nilijiwekea sharti ambalo sikulivunja popote: msimulizi haruhusiwi kamwe kulitumia jina lenye -ichka. Yeye husema Kukin, Pustovalov, Smirnin.

Olenka mwenyewe yuko nje ya sharti hilo. Jina lake kamili ni Olga, na Chekhov humwita Olenka tangu mstari wa kwanza, kama mtu anayemjua tangu utotoni. Undani huo hauna pa kuingilia kwenye Kiswahili, na sikuhangaika nao. Olenka likawa jina lake la kawaida. Nililolilinda ni Olga, lisitokee pekee hata mara moja. Linatokea pamoja na Semyonovna tu, kwenye vinywa vya wanaomheshimu.

Hapa ndipo jina la baba linapoingia. Semyonovna ni binti wa Semyon, kama Petrovich alivyo mwana wa Pyotr, na msomaji wa pwani aliyezoea Ali bin Salim au Binti Juma hahitaji darasa. Kishawishi cha kuandika "Olga binti Semyon" ni kikubwa. Nilikikataa, na si kwa sababu tu ya harufu ya Uislamu iliyomo ndani ya bin na binti. Tatizo ni kazi ya neno. Bin hutaja nasaba. Jina la baba la Kirusi hutajwa usoni pa mtu ili kumpa hadhi yake, na hapo linakaribia zaidi "Bi" au "Mzee" wetu. Isitoshe Kirusi kina wewe mbili, ya ukaribu na ya heshima, na Kiswahili kina moja. Ile ya heshima ikipotea, mzigo wake wote unaangukia jina la baba, kwa hiyo haliwezi kufutwa. Nikaliacha, na pale Pustovalov anapomfariji mjane njiani wakitoka kanisani, nikamwandikia aseme "Bi Olga Semyonovna". Hilo Bi moja linafanya kazi ya sarufi nzima. Kwa wanaume nilihifadhi pia ule ufupisho wa Chekhov. Andreich na Platonych ndivyo watu wanavyotamka mitaani, na kuyarefusha yawe Andreyevich na Platonovich ni kuwavalisha suti nyumbani kwao.

Namna ya kujua kama mpango huu umefaulu ni rahisi. Mpe mtu rasimu, kisha mwombe akutajie wahusika. Akikutajia Olenka na Olga Semyonovna kama wanawake wawili, kazi haijaisha. Dawa yake ni kuyaweka majina yote mawili ndani ya aya moja mapema iwezekanavyo, mtu akimwita kwa moja na msimulizi akijibu kwa jingine. Tanbihi chini ya ukurasa haiponyi kitu, maana msomaji wa hadithi huiruka.

Faida ya kulilinda jina la baba inaonekana karibu na mwisho. Smirnin anaporudi amevaa kiraia na mvi kichwani, Olenka anatetemeka kwa furaha, na jina linalomtoka ni Vladimir Platonych. Volodichka hayupo tena. Miaka yote ya kutokuwepo imo ndani ya mabadiliko hayo, na Chekhov haongezi neno la maelezo. Nami sikuongeza.

Sasa sentensi ndefu, ambazo nilidhani ni shida nyingine kabisa, kumbe ni ileile ya majina. Kirusi kina "on" kwa mwanamume na "ona" kwa mwanamke. Sentensi inaweza kurukaruka kati ya mume na mke mara nne, na msomaji asipotee. Kiswahili kina a- kwa wote wawili. Chukua pale Kukin anapokohoa usiku, na Olenka anamnywesha vinywaji vya dawa, anamsugua kwa manukato na kumfunika kwa shali zake. Kwa Kirusi hakuna jina hata moja humo. Ukiyafuata maneno yalivyo utapata "alikohoa, akamnywesha, akamsugua", na mgonjwa ataonekana anamuuguza muuguzi wake. Jibu linalokuja haraka ni kukatakata na kupachika majina, Kukin hapa, Olenka pale. Lakini katika hadithi hii kila jina lina joto lake. Ukilitawanya Olenka mara mbili zaidi ya alivyolitumia mwandishi, linapoa, na Kukin akitajwa kila baada ya maneno matano sauti inakuwa ya taarifa ya polisi.

Nikatumia majina ya mahusiano mahali pa majina ya watu. "Mume akikohoa, mke humnywesha", kisha vitenzi vinavyofuata vyote vinabeba hu-, ambayo haina mtendaji ndani yake na kwa hiyo haichanganyi watu. Tena hu- ndiyo inayofaa hapo, maana Chekhov hasimulii usiku mmoja, anasimulia mazoea ya ndoa. Sentensi ikabaki moja na majina yakabaki machache.

Sentensi nyingine ndefu inaeleza jinsi watu walivyomwona Olenka. Inaanza kwa kitendo cha kutazama, inataja mashavu, shingo, tabasamu, inafungua tawi la kueleza tabasamu hilo huja lini, inarudi kwa wanaume wanaowaza na kutabasamu nao, kisha inageukia wanawake, ambao katikati ya mazungumzo hushindwa kujizuia, humshika mkono na kutamka neno lililoipa hadithi jina. Hiyo haipaswi kupoteza mpangilio, kwa kuwa neno la mwisho ndilo inaloliendea muda wote. Kuikata kunawezekana, ila mahali pamoja tu: pale wanaume wanapoisha na wanawake wanapoanza. Nusu ya kwanza huendeshwa na -ki- ("wanaume wakitazama"), na tawi la tabasamu hujengwa kwa kirejeshi kifupi ndani ya kitenzi, "lililomjia asikiapo", kwa sababu ambalo na ambayo zikifuatana husimamisha pumzi. Nusu ya pili inaachwa iende bila kituo hadi "Kipenzi!", neno ambalo ki- yake, kwa bahati nzuri, haidharau.

Kwenye mbao nilipata raha. Kuna sentensi ndefu inayoorodhesha aina za mbao jinsi Olenka alivyozisikia, kama majina ya jamaa zake. Hapo usahihi wa kamusi haumsaidii mtu, inatakiwa lugha ya ghalani: boriti, gogo, papi, banzi. Mtu aliyewahi kupaua nyumba atalisikia pendo lililomo.

Lililonisumbua zaidi ni la mtoto. Sasha, mwana wa Smirnin, anamwita Olenka "tyotenka", shangazi kwa mkia wa kubembeleza, kama mtoto wa Kirusi amwitavyo mwanamke yeyote mzima. Kiswahili hakina ndugu wa jumla namna hiyo. Shangazi ni dada wa baba, na hapo Olenka anageuka dada wa mwanamume aliyekuwa akimwita Volodichka. Mama mdogo ni dada wa mama, lakini pia ni mke mwingine wa baba, na hilo linasema kwa sauti jambo ambalo mtoto halijui. "Mama" tupu ndilo neno ambalo mtoto wa kwetu angelitumia. Hilo ndilo baya kuliko yote. Mama mzazi wa Sasha amekwenda Kharkov kwa dada yake, na Olenka analala akiogopa simu ya maandishi kutoka huko ya kumtaka mtoto. Mfasiri hawezi kumpa bure jina analoishi akihofia kunyang'anywa.

Nikachukua shangazi, pamoja na dosari yake, kwa sababu sehemu nyingi watoto huwaita hivyo majirani wasio na undugu nao. Ule mkia wa "tyotenka" nikauhamishia kwenye "eti": siku ya kwanza uani, mtoto anapouliza kuhusu paka, anasema "Eti shangazi". Baadaye, njiani kwenda shule, anapoona aibu kufuatwa na mama mnene na kumwambia arudi nyumbani, Chekhov anaukata mkia na kuandika "tyotya". Hapo nami eti nikaiondoa, likabaki "shangazi" peke yake.