Walimu 37 si Mashahidi 950

Neville Bennett alikusanya data nzuri, kisha akaihesabu vibaya. Utafiti wake katika shule za msingi za kaskazini magharibi mwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1976, ulitangaza kuwa watoto wanaofundishwa kwa mtindo rasmi husonga mbele kuliko wanaofundishwa kwa mtindo huru. Magazeti yaliidaka habari hiyo. Oktoba mwaka uleule, Waziri Mkuu James Callaghan naye aligusia wasiwasi wa wazazi juu ya mbinu huru katika hotuba yake ya Chuo cha Ruskin. Kishindo chote hicho kilisimama juu ya makosa sanifu yaliyokuwa madogo mno.

Kazi ya uwanjani ilikuwa safi: hojaji kwa mamia ya walimu, mitindo ikapangwa katika makundi, na watoto wakapimwa mwanzoni na mwishoni mwa mwaka.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mezani palikuwa na walimu 37: 12 wa mtindo rasmi, 12 wa mtindo mseto na 13 wa mtindo huru. Chini yao walikuwa watoto takriban 950, yaani kama 26 kwa kila darasa. Swali la utafiti lilihusu mtindo wa kufundisha. Mtindo ni mali ya mwalimu, na watoto wote 26 wa darasa moja wanaupata kwa pamoja. Hata hivyo, uchambuzi wa kovarianzi ulifanywa kana kwamba kila mtoto alipewa mtindo wake peke yake, bila kujali mwenzake wa dawati la pili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Watoto wa darasa moja wanagawana mwalimu, ratiba, vitabu na hata kelele za dirishani. Mwalimu akiwa hodari, wote wanapanda. Akiugua muhula mzima, wote wanashuka. Kwa hiyo mabaki ya alama zao, hata baada ya kuondoa alama za mwanzo, huelekea upande mmoja. Ukionja vijiko 26 vya mchuzi kutoka sufuria moja, unaijua vizuri sufuria hiyo, lakini hujaonja masufuria 26. Rigresheni ya kawaida hailijui hilo. Inahesabu kila kijiko kama sufuria mpya.

Tuone ukubwa wa madhara kwa mfano wa kukadiria. Tarakimu hizi ni zangu, si za Bennett. Chukua madarasa 12 rasmi na 13 huru, watoto 26 kila darasa. Tuseme mchepuko sanifu wa mabaki ni alama 10, yaani varianzi 100, na tofauti ya mitindo miwili ni alama 3. Ukiwapuuza walimu, kosa sanifu la tofauti hiyo ni 0.79. Thamani ya t inafika 3.8, na jedwali linajaa nyota.

Sasa gawanya ile varianzi 100 panapostahili: 20 ni tofauti kati ya madarasa, 80 ni tofauti kati ya watoto ndani ya darasa. Huo ni uwiano wa ndani wa 0.2, jambo la kawaida katika data za shule. Varianzi ya wastani wa darasa moja ni 20 jumlisha 80/26, karibu 23.1. Kosa sanifu la tofauti linakuwa 1.92, na t inashuka hadi 1.56. Kwa digrii 23 za uhuru ilipaswa ivuke 2.07. Tofauti ya alama 3 bado ipo palepale, ila data haina nguvu ya kusema kama imeletwa na mtindo au na bahati ya kupata walimu fulani.

Sehemu ile ya 80 inagawanywa kwa idadi ya watoto, lakini ile ya 20 haigawanyiki mpaka uongeze walimu. Ukiwapima watoto 52 kila darasa badala ya 26, kosa sanifu linatoka 1.92 hadi 1.86 tu. Ukiongeza madarasa maradufu, linashuka hadi 1.36. Nimeshasema katika safu hii na nitarudia: anayejisifu kwa wingi wa watoto katika utafiti wa walimu anajisifu kwa kitu kisichohesabika.

Modeli ya athari mseto inayolitatua hili ni mstari mmoja katika R:

```
lmer(mwisho ~ mwanzo + mtindo + (1 | darasa), data = d)
```

Mtindo na alama za mwanzo ni athari thabiti; darasa ni athari nasibu. Wapo wanaodhani wanafanya ukali zaidi kwa kuliweka darasa pia kama athari thabiti. Hawapati kitu, kwa sababu mtindo haubadiliki ndani ya darasa, na ukishatoa kila tofauti ya madarasa hakuna mtindo uliobaki wa kukadiriwa. Tahadhari moja: kwa madarasa machache, tumia REML, ambayo ndiyo chaguo la awali la `lmer`, maana njia ya ukubalifu wa juu kabisa hukadiria varianzi ya madarasa chini ya ilivyo, na lile kosa la zamani linarudi kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1981 Murray Aitkin, Dorothy Anderson na John Hinde waliichambua upya data hii wakizingatia madarasa. Tofauti zilizotikisa nchi hazikuwa tena muhimu kitakwimu. Bennett mwenyewe alishiriki katika uchambuzi mwingine wa marudio mwaka huohuo. Hilo ni la heshima.

Lakini sikubali utetezi kuwa mwaka 1976 mbinu hazikuwepo. E. F. Lindquist wa Iowa alikwisha kuwaonya watafiti wa elimu mwaka 1940, kwenye kitabu alichowaandikia wao, wasimhesabu mwanafunzi pale ambapo darasa au shule ndiyo iliyochaguliwa. Dawa yake ilikuwa kulinganisha wastani wa madarasa, na kwa madarasa yanayolingana ukubwa, kama katika mfano wetu, inatoa jibu lilelile la 1.92. Leslie Kish aliieneza mwaka 1965 fomula ya athari ya usanifu, 1 + (m − 1)ρ, ambayo unaipiga kwa kalamu. Charles Henderson alikuwa akitumia athari nasibu kupima madume ya ng'ombe wa maziwa kwa rekodi za mabinti zao. Wazee hawa hawakuwa na kompyuta za leo, ila walijua kipi kinahesabiwa.

Nasisitiza kwa sababu kisingizio cha "uwiano wa ndani ni mdogo, tupuuze" bado kinapita kwenye ripoti ninazoletewa. Weka ρ ya 0.05 tu katika darasa la watoto 80, ambalo si geni katika shule zetu: athari ya usanifu ni 4.95, na kosa sanifu la kweli ni zaidi ya mara mbili ya lililochapwa. Darasa likiwa kubwa, hata uwiano mdogo unauma.

Kumnasa mkosaji si kazi. Soma digrii za uhuru kando ya kigezo cha mtindo. Kwa walimu 37 na mitindo mitatu, zisizidi sana 34. Ukiona zinakaribia 946, mwandishi amewahesabu watoto. Usijadiliane naye juu ya ufundishaji. Mrudishie ripoti aihesabu upya.