Tabibu Amechelewa: Ujumbe wa Herufi 160

Ujumbe alionionyesha jirani yangu, uliomfikia saa tatu na nusu asubuhi kutoka kliniki moja ya Overport, hapa Durban, ulienea wote ndani ya herufi 160, ambao ndio mpaka wa SMS moja, nami naufasiri hivi:

“Daktari amechelewa dakika 45. Miadi yako ya 5:00 sasa ni kama 5:45. Jibu 1 utangoja, 2 utakuja 5:30, 3 siku nyingine. Usipojibu, nafasi yako ipo.”

Hesabu yake ni sahili: kila mgonjwa amekadiriwa robo saa, na wakati ule tabibu alikuwa bado na yule wa saa tatu kasorobo. Mbona basi mwenye kuchagua 2 aambiwe saa tano na nusu, ilhali zamu yake yatazamiwa saa sita kasorobo? Hapa ndipo ulipo ustadi wa mwandishi, kwani kila atakayejibu 3 miongoni mwa waliotangulia hupunguza ucheleweshaji kwa robo saa, na ile robo iliyokatwa ni akiba ya mgonjwa mmoja tu. Wakijitoa wawili, zamu ya jirani yangu yaangukia saa tano na robo, naye hajafika bado. Ndipo wale waliojibu 1, ambao karani anawajua kuwa wako barazani, huitwa kuziba pengo. Lakini wengi wakichagua 2, utamwona tabibu amekaa pweke, na kliniki ingali ikitangaza kwamba amechelewa.

Maneno ya mwisho ndiyo niyapendayo zaidi. Katika nchi ambayo tangu 2001 wateja wa Vodacom wasio na salio hutuma “Please Call Me” bila malipo ili wapigiwe, si haki kumpokonya mtu nafasi kwa kuwa hakuwa na senti za kujibu. Kunyamaza kwake kumehesabiwa kuwa ni kungoja, na ndivyo ipasavyo.

Walakini ujumbe huo huo alipelekewa pia mwenye miadi ya saa nne, naye, akitoka Umlazi, saa tatu na nusu aghalabu amekwisha panda teksi ya kwanza hadi Warwick na anatafuta ya pili. Hiari ya kuja baadaye kwake ni jina tupu, kwa kuwa nauli imekwisha toka na kurudi nyumbani hakuna maana. Huyo alistahili maneno mengine: ende akanywe chai, ataitwa dakika 20 kabla ya zamu yake, au, ikiwa amekuja kupimwa presha tu, aonane na muuguzi sasa hivi.

Kliniki ile iliandika ujumbe mmoja mzuri; ilihitaji kuandika jumbe mbili.