Alama kumi na moja, mambo matatu

Mama wa Mkumbara akichukuliwa damu Mombo au Korogwe mjini asubuhi, kabla ya adhuhuri picha ya karatasi yake ya majibu imeshafika Dar es Salaam kwenye simu ya mdogo wake. Swali linalorudi karibu kila mara ni lilelile: "Dada, mbona umeandikiwa L nyingi hivi?"

Nimeunda karatasi moja ya mfano ili tuisome pamoja. Ni ya mwanamke wa miaka 34, hana mimba, anachoka upesi akipanda ngazi, na juzi alipata homa kidogo. Kipimo ni kile ambacho hospitalini huitwa FBP, yaani picha kamili ya damu, kilichofanywa na mashine ndogo inayogawa chembe nyeupe katika makundi matatu. Karatasi yake ina alama kumi na moja: L tisa na H mbili.

Kabla ya kuhangaikia herufi, hakikisha tarakimu umezisoma sawasawa. Karatasi iliyokunjwa mara nne na kupigwa picha kwenye mwanga hafifu hupoteza nukta, na 6 hugeuka 8. Bahati nzuri sehemu ya karatasi hii inajihakiki yenyewe, kwa sababu baadhi ya mistari ni hesabu iliyotokana na mistari mingine:

```
HCT (%)     = RBC x MCV / 10
MCH (pg)    = HGB x 10 / RBC
MCHC (g/dL) = HGB x 100 / HCT
Gran#       = WBC x Gran% / 100
```

Kwenye picha yetu MCV haieleweki: ni 68 au 88? RBC inasomeka vizuri, 4.90, na HCT ni 33.3. Zidisha 33.3 kwa 10, gawanya kwa 4.90, unapata 68. Basi ni 68. Kwa njia hiyohiyo HGB ya 10.4 inathibitika, maana 10.4 mara 10 gawanya kwa 4.90 ni 21.2, na ndiyo MCH iliyoandikwa. Angalia na kipimio pia. Mashine nyingine huandika HGB kwa gramu kwa lita, na hapo 10.4 inakuwa 104. Damu ni ileile, ila mtu asiyetazama safu ya vipimio anaweza kudhani dada amepona ghafla.

Sasa herufi zenyewe. Mashine haijui lolote kuhusu mgonjwa. Inachukua namba, inailinganisha na mipaka miwili iliyowekwa kwenye kumbukumbu yake, kisha inachapa L ikiwa chini au H ikiwa juu. Mipaka hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kupima watu wasiopungua 120 wanaoonekana wazima, kuwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu, na kukata asilimia 2.5 kila upande. Maana yake, katika kila watu ishirini wazima, mmoja atapewa herufi kwenye mstari wowote utakaouchagua. Kwenye karatasi yenye mistari zaidi ya kumi na mitano, kupata herufi moja peke yake si ajabu hata kidogo.

Swali kubwa zaidi ni hili: wale 120 walikuwa akina nani? Mara nyingi mipaka inayochapwa ni ile iliyotoka na mashine kiwandani, na hakuna aliyeibadilisha. Kwenye mfano wetu WBC imepewa 4.0 hadi 10.0, HGB 11.0 hadi 16.0, PLT 100 hadi 300. Mipaka ya HGB ni ileile kwa wanaume na wanawake, jambo ambalo tayari linatakiwa kukutia shaka.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, uliofanywa kwa sababu majaribio ya chanjo yalikuwa yakiwakataa watu wazima kabisa kwa kuwa namba zao hazikuingia kwenye mipaka ya Marekani. Mbeya ilikuwa imeshapata mipaka yake ya watu wazima mwaka mmoja kabla. Korogwe yenyewe inaijua kazi ya namna hii, kwani ilikuwa moja ya vituo kumi na kimoja vya Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009, na jaribio la aina hiyo haliwezi kwenda bila kukubaliana kwanza namba ipi ni ya mtu mwenye afya wa mahali hapo. Ule utafiti wa nchi nne ulipata mpaka wa chini wa chembe nyeupe kuwa 3.1, chembe sahani 126, na HGB ya wanawake 9.5.

Ukiziweka namba hizo kando ya karatasi yetu, alama kumi na moja zinajikusanya kuwa mambo matatu, na kila moja linadai kusomwa kivyake.

La kwanza ni chembe nyeupe. WBC ni 3.4 na ina L. Gran# ni 1.3, L. Gran% ni 39, L. Lymph% ni 52, H. Hizo ni alama nne, lakini hadithi ni moja. Tazama Lymph#: ni 1.8, haina herufi. Limfosaiti hazijaongezeka hata moja. Asilimia yake imepanda tu kwa sababu granulosaiti ni chache, na asilimia lazima zijumlishwe kuwa mia. Ndiyo maana mstari wenye alama # una uzito kuliko ule wenye %. Hata hiyo 1.3 kwa mtu wa huku haishangazi. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana antijeni iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na watu hao huwa na granulosaiti chache zaidi zinazozunguka kwenye damu bila kuugua zaidi ya wengine. Kwa mipaka ya Afrika Mashariki, 3.4 ingechapwa bila herufi yoyote. Hapa mpaka wa wenyeji ndio wenye haki. Isipokuwa, na hili lisirukwe, kama mgonjwa ana homa kali, anatumia dawa zinazojulikana kushusha chembe nyeupe kama zidovudini au kabimazoli, au karatasi yake ya mwaka jana ilisoma 6. Hapo kushuka kuna maana hata kama namba iko ndani ya mipaka ya wenyeji.

La pili ni damu yenyewe, HGB na HCT zikiwa na L, na hapa mambo yanageuka. HGB ya 10.4 iko juu ya 9.5. Mtu aliyefurahia mipaka ya wenyeji kwenye chembe nyeupe atataka kuitumia hapa pia na kusema dada ni mzima. Ni kosa. Granulosaiti chache za asili hazimdhuru mtu, ila HGB ya chini imeshuka hivyo kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki kwa sababu ya upungufu wa madini ya chuma, minyoo ya safura, malaria na hedhi nyingi. Ukiwapima watu ambao wengi wao wana upungufu wasioujua, upungufu unaingia ndani ya mipaka na kuitwa kawaida. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halitumii mpaka wa aina hiyo kwa HGB. Linatumia mpaka wa uamuzi, na kwa mwanamke asiye na mimba ni 12.0. Chini ya 11.0 ni upungufu wa kadiri. Hilo linafichua dosari ya mashine pia: kwa mpaka wake wa 11.0, mwanamke mwenye 11.4 angetoka bila herufi ilhali damu yake ni pungufu. Kukosa herufi nako si cheti cha uzima.

Mkumbara iko bondeni, kwa hiyo 12.0 inabaki 12.0. Angekuwa anaishi Lushoto, juu ya mita 1,000, mwongozo wa shirika hilo wa 2024 ungetaka 0.8 zaidi, kwa sababu mwili wa mlimani hutengeneza damu nyingi kufidia hewa nyepesi. Karatasi ileile, kilomita chache kupanda mlima, inasomwa vingine.

Alama zilizobaki za chembe nyekundu zinaeleza upungufu huu ni wa namna gani. MCV 68 inasema chembe ni ndogo, MCH na MCHC zinasema zimebeba rangi kidogo, na RDW 18.2 yenye H inasema hazilingani ukubwa. Gawanya MCV kwa RBC: 68 kwa 4.90 ni 13.9. Ikizidi 13, inaelekea zaidi upande wa upungufu wa chuma. Ikiwa chini ya 13, inaelekea thalasemia, ambayo aina yake nyepesi ni ya kawaida kwenye ukanda huu. Hesabu hii inaelekeza tu, na 13.9 iko karibu mno na mpaka kumfanya mtu ajiamini. Kipimo cha feritini ndicho kingekata shauri, ingawa feritini hupanda mtu akiwa na homa, na dada alikuwa na homa juzi.

La tatu ni chembe sahani: PLT 92, L. Hii iko chini kwa mpaka wa mashine na chini kwa mpaka wa wenyeji. Lakini swali lake ni kama namba yenyewe ni ya kweli. Damu ya FBP hukusanywa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia kuganda, na chupa isipopinduliwa taratibu mara nane hadi kumi mara tu baada ya kujazwa, chembe sahani hushikana mafungu. Damu ya watu wachache hushikana hata ikichanganywa vizuri, kwa sababu ya dawa yenyewe. Mashine huliona fungu kuwa kitu kikubwa kisicho chembe sahani, na hesabu inashuka. Dalili iko chini ya karatasi, kwenye vile vigrafu vitatu ambavyo mpiga picha karibu kila mara huviacha nje. Mstari wa kigrafu cha PLT ukigoma kushuka hadi sakafuni upande wa kulia, au pakiwa na nyota kando ya namba, mashine inasema haijiamini. Ombeni picha ya pili ya karatasi nzima, iliyonyooshwa juu ya meza.

Kama hakuna mafungu, basi homa ya juzi inarudi mezani. Malaria hushusha chembe sahani, mara nyingi kabla HGB haijaguswa. Dada wa bonde la Korogwe mwenye PLT 92 na homa anahitaji kipimo cha malaria siku hiyohiyo, cha haraka au cha hadubini. Cha hadubini kina faida ya ziada, kwani mtaalamu wa maabara akiwa ameshaweka kioo atayaona na mafungu ya chembe sahani kama yapo.

Akianzishiwa dawa za chuma, karatasi ya pili itolewe baada ya wiki nne, kwa mashine ileile. HGB inatarajiwa kupanda kwa 1 au zaidi. Ikisoma 10.7, msisherehekee: mwili na mashine kwa pamoja huyumba kiasi hicho bila chochote kubadilika. Ikisoma 11.6, dawa inafanya kazi, na mashine haitachapa L tena kwenye mstari huo ingawa dada bado hajafika 12.0 na vidonge haviachwi.