Mpunga, mchele na mpwa: kitabu kimoja, watafsiri wawili

Mwaka 1935 kilitoka London kitabu kinachoitwa Ubena of the Rivers, kinachohusu Wabena wa bonde la Kilombero. Waandishi ni A.T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni, na G.M. Culwick, na ndani yake kuna sura moja ya Mtema Towegale Kiwanga. Mimi na mwenzangu wa Ifakara tumekaa nacho tukitaka kukitafsiri, nusu yake nusu yangu. Ugomvi wetu wa kwanza ulianzia kwenye jalada.

Tuseme "Ubena wa Mito" au "Ubena ya Mito"? Jina linaanza na u, basi mkono unakimbilia "wa". Lakini majina ya nchi hufuata neno "nchi": tunasema Uganda ya leo, Ujerumani ya Mashariki. Tukaandika kwenye karatasi yetu ya mtindo: Ubena ya, kila mahali. Jina la kitabu hufunga mikono yote miwili. Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walipomtafsiri Fanon kwa pamoja (Tanzania Publishing House, 1978), kitabu kikaitwa Viumbe Waliolaaniwa. Ukishachagua "viumbe" badala ya "watu" au "wanyonge", umeshaipa kila sura sauti yake, awe anaiandika nani.

Kugawana kwa kuhesabu kurasa ni rahisi, ila kwa kitabu kama hiki sikupendi. Mwenzangu amekulia mashambani na mtoni; sura za kilimo na uvuvi ni zake bila mjadala. Mimi ningeandika "ngalawa" nikidhani nimepatia, kumbe ile ina matengo yake pembeni na ni chombo cha bahari. Kwenye Kilombero ni mtumbwi. Historia na utawala vikaja kwangu.

Kabla ya kuachana, kila mmoja alitafsiri kurasa mbili zilezile bila kuchungulia za mwenzake. Hapo ndipo karatasi ya mtindo ilipozaliwa: kila tulipotofautiana, tuliandika uamuzi mmoja na sababu yake. Wengi hutengeneza orodha ya maneno, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, wakaona kazi imeisha. Haitoshi. Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja kwa mpunga, mchele na wali. Ukiandika kwenye orodha kwamba neno hilo ni "mpunga", utashangaa sura ya tano watu wanakula mpunga! Karatasi yetu haitoi neno hapo, inatoa kanuni: likiwa shambani au na maganda yake ni mpunga, likishakobolewa mchele, likiiva wali.

Ya mpunga yanachekesha. Ya ukoo hayachekeshi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtoto wa dada na mtoto wa kaka. Kwetu wengi, mtoto wa dada wa mwanamume ni mpwa wake, ila mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Sasa fikiria mimi nimeandika "mpwa" kwenye sura ya utawala, na mwenzangu akaandika "mtoto wa kaka" kwenye sura ya ndoa, na ni mtu yuleyule. Tumeuhamisha urithi wa utema kutoka upande wa baba kwenda wa mama, na wajukuu wa watu hao wapo, watasoma. Kanuni yetu: neno la namna hiyo likitokea, unaacha nafasi yenye alama, halijazwi mpaka wote wawili tumechora mti wa ukoo na kuona mtu anakaa tawi gani.

Tulichobishana zaidi ni wakati wa vitenzi. Vitabu vya aina hii husimulia mila kana kwamba ni za siku zote. Mwenzangu aliandika "huzika", mimi "walikuwa wakizika". Ukisoma yake unadhani hata leo, pale Ifakara, maziko yanakwenda hivyo. Ukisoma yangu unadhani yamekwisha kabisa, nalo si kweli kwa kila jambo. Nilishinda, kwa sharti moja: sura ikianza, tunataja kwamba ni hali ya wakati wa waandishi, kisha tunaendelea na "walikuwa waki-" bila kuchanganya.

Tukimaliza tutabadilishana sura, na kila mmoja atamsomea mwenzake kwa sauti huku Kiingereza kikiwa kimefungwa. Mshono hausikiki kwenye majina, kwa kuwa karatasi imeshayabana. Unasikika kwenye viungo: mmoja anapenda "hata hivyo", mwingine "lakini". Hayo tumeamua tusiyasawazishe yote, la sivyo kitabu kitanukia ofisi.

Ikabaki sura ya Mtema. Kwa mgawanyo wetu ilikuwa yangu, maana ipo upande wa utawala. Nimemwachia mwenzangu. Tukiipitisha kwenye kanuni zetu zote, mtema wa bonde atasema kama ofisa wa Kiingereza, na kitabu kilichokuwa na sauti zaidi ya moja kitabaki na moja. Kwa hiyo karatasi inamfunga kwenye tahajia na majina ya watu na mahali, basi. Wakati wa vitenzi, urefu wa sentensi na namna ya kumtaja mkubwa atavifuata kama Mtema anavyokwenda, na mimi nimekubali kutogusa.