Weusi wa Uso Hauelezwi bila Mwanga

Bango moja karibu na soko la Oyugis linamwonyesha mama akiuza viazi vitamu. Kijana aliyelitengeneza hakumpiga mtu yeyote picha. Aliiandikia programu ya akili unde maelezo, nayo ikamtungia uso. Aliniruhusu kuyasoma: "Mama Mluo mweusi, mrembo, ngozi laini inayong'aa, anauza viazi sokoni saa sita mchana."

Viazi vimetoka vizuri, hata udongo umeganda kwenye maganda. Uso, jamani! Ni wa kahawia hafifu, bapa kama sahani, na mwanga umeenea sawasawa kutoka kidevuni hadi kwenye paji. Oyugis iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita huko halimpi mtu uso wa namna hiyo.

Ni kweli programu ina lawama yake. Imefunzwa kwa picha ambazo nyingi ni za watu weupe, na upendeleo huo una historia. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na ninaona maneno ya kijana huyu nayo yamechangia.

Tuanze na "inayong'aa". Katika Kiswahili cha matangazo ya vipodozi, kung'arisha ngozi ni kuifanya nyeupe. Mwandishi alikusudia mng'ao wa jua; neno lake likabeba maana zote mbili. "Laini" nalo hufuta vinyweleo na mikunjo, yaani mahali penyewe ambapo mwanga hushika. Na "mweusi" peke yake hutaja rangi bila kusema inatazamwa wapi.

Wazee wetu walikuwa makini zaidi. Anayesema mtu ni mweusi kama mpingo na anayesema ni mweusi kama makaa hawatofautiani sana kuhusu kiasi cha weusi. Wanatofautiana kuhusu mwanga: mpingo uliosuguliwa hurudisha mwanga, makaa huumeza. Si mapambo matupu, ni maelezo ya jinsi uso unavyoonekana.

Fizikia inawaunga mkono. Mwanga unapoigonga ngozi, sehemu ndogo, yapata asilimia 4, hurudi papo hapo bila kubeba rangi ya ngozi. Huo ndio mng'ao, nao hubaki na rangi ya chanzo chake. Mwanga uliobaki huingia ndani na kukutana na melanini. Unaotoka tena ndio tunaouita rangi ya mtu. Kwa mtu mweupe mwanga huu wa ndani ni mwingi, na mng'ao humezwa humo. Kwa mtu mweusi ni mchache, hivyo mng'ao hujitokeza wazi. Ndiyo maana umbo la uso mweusi husomeka zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Ukiuondoa, uso unakuwa bapa. Ukiutandaza shavu zima, umemchubua mtu.

Ningeyaandika hivi: "Mama wa miaka hamsini, ngozi ya kahawia nzito inayokaribia nyeusi, yenye wekundu kwa mbali. Jua la saa sita liko utosini. Mng'ao mdogo, mkali na mweupe kwenye paji, juu ya pua na kwenye mifupa ya mashavu. Macho yamo kivulini lakini kope zinaonekana. Mwanga hafifu kutoka ardhini unagusa taya. Mashavu yaliyo nje ya mng'ao yabaki na weusi wake."

Mhamishe mama yuleyule chini ya turubai la buluu, na mng'ao utakuwa wa kibuluu na mpana zaidi, kingo zake zikififia. Mwekee balbu ya manjano jioni, upande mmoja, na mng'ao utakuwa wa manjano upande huo tu. Rangi yake ya kahawia inabaki neno lilelile. Kinachobadilika ni sentensi za mwanga.

Kukagua ni rahisi. Funika mng'ao kwa kidole, utazame shavu lililobaki. Hilo ndilo rangi yake. Likiwa limepauka, programu imeongeza weupe, si jua. Kisha linganisha paji na sehemu iliyo chini ya kidevu. Zikilingana saa sita mchana, uso umebapishwa.

Maneno nayo yana mpaka. Ukisisitiza weusi mara tatu, unaweza kupewa kivuli kitupu chenye meno. Ukisisitiza mng'ao, ngozi inakuwa kama plastiki. Hapo ni kupunguza sifa moja na kujaribu tena. Halafu kuna mchapishaji wa mabango, ambaye huangaza picha nzima ili maandishi yapendeze. Aambiwe mapema apime kiasi cha kuangaza kwa kutazama shavu la mama, si viazi.