Majibu Manne Sahihi, Mauzo Hayakufungwa

BANT ni kichujio cha zamani cha wauzaji, na asili yake ni kampuni ya IBM ya Marekani. Herufi zake zinasimama badala ya bajeti, mamlaka, hitaji na muda. Muuzaji humuuliza mteja mtarajiwa kama fedha ipo, nani anaamua, shida ni ipi na anataka kununua lini. Ukimuuzia mwenye stesheneri mashine ya fotokopi, mazungumzo ya dakika kumi yanatosha, kwa sababu mwenye shida, mwenye fedha na mwenye kauli ya mwisho ni mtu huyohuyo. Ununuzi unaopita mezani kwa watu wengi ni habari nyingine.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya watumishi yenye wanachama 1,800, ambayo mikopo yake yote inatunzwa kwenye Excel na leja za karatasi. Mwezi Februari meneja anaomba bei ya mfumo wa kompyuta wa kusimamia akiba na mikopo. Bei ni shilingi milioni 38. Meneja anajibu kwamba fedha ipo, yeye ndiye mwamuzi, hesabu za marejesho zinamsumbua, na angependa mfumo uanze kazi Julai. Kwa BANT huyu ni mteja wa daraja la kwanza. Muuzaji anamwandika kwenye matarajio ya robo ya pili ya mwaka, na Julai inapita bila mkataba.

Meneja hakudanganya. Fedha aliyoisema ni salio la benki, lakini fungu la vifaa vya ofisi kwenye makisio ya mwaka lilikuwa milioni 12. Kuliongeza kulihitaji bodi ikubali, kisha mkutano mkuu uidhinishe, na mkutano huo ulikuwa Desemba. Kuhusu mamlaka, alikuwa na uhuru wa kuchagua mfumo upi upelekwe kwenye bodi, ila idhini yake ya matumizi iliishia milioni 5. Ukimuuliza kiongozi yeyote kama ndiye mwenye kauli, ni nadra akatae. Swali lenye manufaa zaidi linahusu jambo lililokwisha kutokea: mara ya mwisho mliponunua kitu cha bei hii, karatasi zilipita kwa nani na zilichukua muda gani?

Lakini aliyeua mauzo haya hakuulizwa lolote. Mhasibu alijua kwamba baadhi ya masalio ya mikopo kwenye Excel hayalingani na leja, na kwamba kuhamishia taarifa kwenye mfumo mpya kungeyaanika hayo yote. Hakuwa na saini ya kuidhinisha, ila aliweza kuchelewesha, na akachelewesha: taarifa za majaribio zilizoombwa Machi hazikutolewa. Kwangu mimi huo ndio upungufu mkubwa zaidi wa BANT. Inamtafuta mwenye uwezo wa kusema ndiyo, lakini haina nafasi ya yule asiyeweza kusema ndiyo ila anaweza kuzuia. Dalili zake huonekana mapema: taarifa haziji, kila ujumbe unapita kwa mtu mmoja, na kikao na idara ya fedha kinaahirishwa kila mara.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halionekani kwenye ripoti yoyote. Meneja mwingine angejibu kwa uaminifu kwamba hawana bajeti, naye angefutwa kwenye orodha siku hiyohiyo. Katika ununuzi mkubwa, fungu mara nyingi huzaliwa baada ya hasara kuhesabiwa. Tuseme wakopaji 40 wanachelewa kurejesha, kila mmoja akiwa na deni la laki tano, na ofisi inagundua baada ya miezi miwili. Hiyo ni milioni 20 ambayo chama hakiwezi kuikopesha kwa wengine. Bodi ikiiona hesabu hiyo, bajeti inaweza kutafutwa. Kuulizia fedha kabla ya hasara kupimwa ni kumfukuza mteja ambaye bado hajajua thamani ya shida yake.

Mfumo wa MEDDIC, uliobuniwa katika kampuni ya PTC ya Marekani miaka ya 1990, uliziba sehemu ya pengo hili. Unamtenga mwenye kauli juu ya fedha na mtu wa ndani anayekupigania, na unauliza uamuzi unapita njia gani. Meneja wetu alikuwa mpiganaji wa ndani. Muuzaji alimhesabu kuwa mwidhinishaji.

Bila kuacha BANT, muuzaji angeweza kuandika majibu manne kwa kila mhusika badala ya kwa kila mteja: meneja, mhasibu, mwenyekiti wa bodi, kamati ya usimamizi. Muda nao angeuhesabu kurudi nyuma. Mkutano mkuu ukiwa Desemba, pendekezo liwe limepita kwenye bodi Oktoba, na mhasibu awe amekwisha kuona majaribio Agosti. Kama safu ya mhasibu bado iko tupu mwezi huo, milioni 38 zitolewe kwenye matarajio ya mwaka.